Kabla hujaskrepu saiti ya mtu: kusoma robots.txt na masharti bila kujidanganya

Nina kaka mmoja ni mthamini wa ardhi hapa Dar, siku moja akanipigia akasema mdogo wangu wewe si ndo unajua mambo ya kompyuta, nitolee bei zote za viwanja zilizotangazwa mtandaoni, Goba, Mbweni, Kigamboni, Chanika, niwekee kwenye Exceli. Mi nikaona hiyo kazi ya usiku mmoja. Nikaandika skripti ya kuskrepu, yaani ya kupitia kurasa yenyewe na kuchomoa taarifa, nikaielekeza kwenye saiti moja ya matangazo madogo madogo, nikalala. Imepiga kurasa kama elfu moja na mia tano hivi, saa nane usiku ikaanza kurudishiwa 403 tupu, yaani umekataliwa kuingia, hadi asubuhi, na nilipoamka hata kwa simu yangu, kwa waifai ileile, saiti haifunguki. Sasa pale nyumbani intaneti tunachangia wapangaji watatu, na dada wa chumba cha mbele anauzia vitenge vyake kwenye saiti hiyohiyo. Akagonga mlango saa mbili asubuhi anauliza kama na kwangu mtandao unasumbua. Sikujua pa kuuweka uso.

Kilichoniuma zaidi nilikuja kukiona mchana, nilivyofungua robots.txt yao, lile faili ambalo saiti inayaandikia maboti, yaani programu zinazopita zenyewe kwenye kurasa. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa mle, kurasa zipi yaache, yasubiri sekunde ngapi, hata orodha ya matangazo yote walishaiweka tayari. Ingenichukua dakika mbili kuisoma. Kwaiyo hapa naandika jinsi ninavyofanya sa hivi kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa kodi, na mfano ntatumia huohuo wa viwanja, ila jina la saiti nimelibadilisha na zile sheria nimezifupisha zitoshe hapa.

Hatua ya 1: andika kazi yako kwa sentensi moja

Usianze na robots.txt, anza na karatasi. Andika unataka kurasa za aina gani, ngapi, mara ngapi, na ukishazipata unazifanyia nini. Yangu ilikuwa hivi: "Nataka bei, eneo na ukubwa wa kiwanja kutoka kurasa 3,000 za matangazo, mara moja kwa mwezi, nitengeneze jedwali la wastani wa bei kwa kata, atakayetumia ni mthamini kwenye kazi yake ya kulipwa."

Inaonekana ya kitoto lakini ndo inayofanya usomaji wote unaofuata uwe na maana, maana robots.txt inajibu swali la kurasa zipi na kwa kasi gani, masharti yanajibu swali la unafanyia nini, sasa kama mwenyewe hujui unafanyia nini utasoma kurasa kumi za kisheria halafu utoke na jibu lolote unalolipenda. Angalia hapo nimeandika "kazi ya kulipwa". Hilo neno moja ndo lililokuja kubadilisha kila kitu mbele huko.

Hatua ya 2: chukua faili lenyewe, na angalia limerudi vipi

Wengi wanafungua kwa brauza wanaona maandishi wanaridhika. Mi natumia curl na ile `-i` ili nione na vichwa vya jibu:

```
curl -i https://www.saiti.example/robots.txt
```

Ukipata 200, yaani ombi limekubaliwa, na `Content-Type: text/plain`, safi, endelea. Ukipata 404, maana yake hawajaweka sheria yoyote kwa maboti, na kwa mujibu wa kiwango chenyewe, RFC 9309 kilichotoka Septemba 2022, unaruhusiwa kuingia popote kwa upande wa robots (masharti bado yako palepale, tutayafikia). Ukipata 500 au 503 hapo ni kinyume kabisa, seva yao inaumwa, na kiwango kinasema uchukulie kwamba kila kitu kimefungwa mpaka ipone. Watu wengi wanazichanganya hizi mbili, wanaona "faili halijapatikana" wanasema poa twende, kumbe seva imelala hoi na wao ndo wanaenda kuimalizia.

Kuna mtego mwingine ambao umenipata mara mbili. Saiti nyingi za kisasa zimetengenezwa kwa namna kwamba anwani yoyote usiyoijua inakurudishia ukurasa wa mwanzo na 200 juu yake. Kwaiyo unaomba robots.txt unapewa 200, programu yako inasoma ile HTML haioni neno `Disallow` hata moja inakwambia ruksa yote. Ukiona mstari wa kwanza ni `<!doctype html>` ujue hilo siyo faili la robots, ni kama hawana tu.

Halafu kila hosti ina faili lake. La `www.saiti.example` halihusiani na la `m.saiti.example` wala `api.saiti.example`. Kama skripti yako itagusa hosti mbili, soma mafaili mawili. Mara ya kwanza nilisoma la www halafu picha zote zilikuwa zinatoka hosti nyingine ambayo imefungwa kote.

Hatua ya 3: tafuta kundi lako, kisha pitisha anwani zako moja moja

Faili la ile saiti lilikuwa karibu na hivi:

```
User-agent: *
Disallow: /akaunti/
Disallow: /tafuta
Allow: /tafuta/viwanja
Disallow: /*/namba$
Crawl-delay: 10

User-agent: Googlebot
Disallow: /akaunti/

Sitemap: https://www.saiti.example/sitemap.xml
```

Kwanza jiulize wewe ni nani. Boti yangu inaitwa `bei-viwanja-bot`, haijatajwa popote, kwaiyo inaangukia kwenye kundi la nyota. Hapa kuna kitu watu hawakijui: boti ikishatajwa kwa jina, inafuata kundi lake peke yake, la nyota haliihusu tena, hazijumlishwi. Ndo maana Googlebot hapo anaweza kuingia kwenye `/tafuta` na mimi siwezi. Na usije ukajiita Googlebot ili upate hiyo ruksa, ukifika hapo umeshatoka kwenye kusoma sheria umeingia kwenye kughushi kitambulisho.

Sasa pitisha anwani halisi, usizisome sheria hewani. Ninafungua saiti kwenye brauza kama mteja wa kawaida, nakopi anwani nne tano za aina nitakazozihitaji, nazipima:

`/viwanja/goba?page=2`, hakuna mstari unaoigusa, inapita.

`/tangazo/48211`, inapita.

`/tafuta?q=goba`, imefungwa, maana `/tafuta` inazuia chochote kinachoanza na herufi hizo, hata kama wangekuwa na ukurasa unaitwa `/tafuta-kazi` nao ungefungwa.

`/tafuta/viwanja`, hapo kuna mistari miwili inayogombana, mmoja unafunga `/tafuta` mwingine unaruhusu `/tafuta/viwanja`. Anayeshinda ni mrefu, siyo aliyetangulia. Kwaiyo inapita.

`/tangazo/48211/namba`, hii ndo ile anwani inayopigwa ukibonyeza kitufe cha kuona namba ya simu ya muuzaji. Imefungwa na `/*/namba$`, nyota ni kitu chochote, alama ya dola ni mwisho wa anwani. Na hapa mjanja mmoja atagundua kwamba ukiweka `?x=1` mbele yake ule mstari haukukamati tena, kwa sababu anwani haiishii kwenye neno namba. Ni kweli haukukamati. Lakini mwenye saiti ameshakwambia waziwazi namba za simu za watu hataki zizolewe na mashine, na wewe unamjibu kwa kumtafutia upenyo kwenye sintaksia. Siku mambo yakifika mbele ya mtu wa tatu, huo upenyo ndo utakuwa ushahidi kwamba uliona katazo ukalizunguka.

`Crawl-delay: 10` haimo kwenye RFC 9309, Google wenyewe hawaifuati, lakini mtu akikuomba usubiri sekunde kumi unasubiri. Piga hesabu: kurasa 3,000 mara sekunde 10 ni sekunde 30,000, saa 8 na dakika 20. Unaiwasha saa nne usiku, kabla ya saa moja asubuhi imeisha, tatizo liko wapi? Mimi usiku ule nilikuwa napiga maombi matatu kwa sekunde.

Na ule mstari wa mwisho wa sitemap usiuruke. Mle ndani walikuwa wameorodhesha anwani za matangazo yote na tarehe ya mabadiliko ya kila moja, ina maana sikuhitaji kabisa kuzunguka kurasa za orodha, na mwezi unaofuata ningechukua yaliyobadilika tu.

Hatua ya 4: usiamini chombo bila kukipima

Ukitumia Python kuna moduli inakuja nayo, `urllib.robotparser`, kila mafunzo yanaitaja. Kwa matoleo mengi ya Python yaliyoko kwenye mashine zetu, hiyo moduli inafuata mstari wa kwanza unaolingana, siyo mrefu, na nyota katikati ya njia haiielewi. Nikiipa faili hilo la juu inanikatalia `/tafuta/viwanja` ambayo imeruhusiwa, halafu inaniruhusu `/tangazo/48211/namba` ambayo imefungwa. Yaani inakosea kotekote, na hilo kosa la pili ndo baya.

Kingine, inapoenda kuchukua faili inajitambulisha kama Python-urllib, jina ambalo seva nyingi zimelipiga marufuku, inapewa 403, na yenyewe ikipata 403 inahesabu saiti nzima imefungwa. Ukiona kila anwani inarudi `False` hata ya ukurasa wa mwanzo, kabla hujakata tamaa linganisha na ile curl ya hatua ya 2.

Mi nimehamia Protego, maktaba ya Python ya kusoma robots.txt, ndiyo ambayo Scrapy, ile fremuweki ya kuskrepu, inaitumia:

```python
from protego import Protego

sheria = open("robots.txt").read()
rp = Protego.parse(sheria)
boti = "bei-viwanja-bot"
url = "https://www.saiti.example/tangazo/48211/namba"

print(rp.can_fetch(url, boti))   # False
print(rp.crawl_delay(boti))      # 10.0
```

Angalia mpangilio: Protego inaanza na anwani halafu jina la boti, ile moduli ya Python inaanza na jina la boti halafu anwani. Ukizigeuza hakuna kitakacholalamika, utapewa tu jibu la uongo kwa utulivu kabisa. Nilipoteza jioni nzima hapo. Na wa Scrapy, mradi mpya unakuja na `ROBOTSTXT_OBEY = True`, ukikuta mafunzo yanakwambia hatua ya kwanza ni kuigeuza `False`, funga hayo mafunzo.

Hatua ya 5: masharti ya matumizi, na hapa usiwe na haraka

Robots.txt siyo kufuli. Alivyoipendekeza Martijn Koster mwaka 1994 ilikuwa makubaliano ya kiungwana kati ya wenye maboti na wenye seva, na hiyo RFC yenyewe inasema sheria hizo siyo njia ya kuidhinisha nani aingie. Maana yake iko pande mbili: kufungwa kwenye robots hakuzuii mlango kiufundi, na kuruhusiwa kwenye robots siyo ruhusa ya kuchukua maudhui ukayafanye utakavyo. Hilo la pili ndo lipo kwenye masharti.

Shuka chini kabisa ya ukurasa, tafuta "Vigezo na Masharti" au `Terms of Use`, na ukikuta na `Acceptable Use` ifungue pia, mara nyingi katazo la maboti limefichwa huko. Pitia yote mara moja kwa macho, halafu tafuta kwa Ctrl+F vipande hivi, nimevikata makusudi ili kimoja kishike maneno ndugu yote:

```
robot  spider  crawl  scrap  automat
harvest  extract  mining  systematic
commercial  reproduc  databas  licen  API
```

Kwenye ile saiti neno `scrap` halikuwepo kabisa, ningeishia hapo ningesema hawajakataza. Kilichonikamata ni `systematic`: kifungu kilisema kwa maneno yao kwamba mtumiaji hataruhusiwa kukusanya maudhui kwa utaratibu, kwa mkono au kwa mashine, ili kutengeneza kanzidata, bila idhini yao ya maandishi. Na chini yake kingine, kwamba saiti ni kwa matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara.

Sasa rudi kwenye sentensi yangu ya hatua ya 1. Jedwali la bei kwa kata ni kanzidata, hata uliite Exceli. Mthamini analipwa, ni biashara. Kwaiyo robots inasema kurasa za matangazo zipitie tu, masharti yanasema kwa kazi hii hapana, mpaka tukuandikie. Zikigongana hivyo mi nafuata iliyo kali, sababu haziongelei kitu kimoja. Mwenye nyumba kuacha geti wazi wageni wapite hajasema wabebe viti.

Unapoyasoma weka alama sehemu tatu: katazo lenyewe, maneno yanayolilegeza (kama "bila idhini ya maandishi", hilo ni mlango siyo ukuta), na masharti yanamfunga nani. Hili la tatu linategemea sana kama umefungua akaunti. Ukiloga, yaani ukiingia kwa akaunti yako, umebonyeza "nakubali", hapo una mkataba, hamna ubishi. Ukipita kama mgeni wa kawaida hujabonyeza chochote, kuna mjadala, na mahakama zimekwenda tofauti. Marekani, kampuni ya hiQ iliyokuwa inakusanya profaili za wazi za LinkedIn ilisaidiwa na mahakama ya rufaa 2019 na tena 2022 kwenye hoja ya sheria ya udukuzi, watu wakashangilia kwamba kuskrepu ni halali, lakini Novemba 2022 mahakama ya chini ikaona imevunja mkataba wa watumiaji, na Desemba wakamalizana kwa hukumu ya dola 500,000. Januari 2024 Meta nayo ikashindwa dhidi ya Bright Data, kampuni ya kukusanya data mtandaoni, mahakama ikaona masharti yake hayakumkataza mtu ambaye hajaloga kuchukua yaliyo wazi kwa umma. Hizo ni za kule, hapa kwetu usizitumie kama ngao, nazitaja tu uone kwamba swali la "uliloga au hukuloga" lina uzito wake. Mimi kwenye ile saiti nilikuwa nimeloga, na akaunti ya jina langu kamili.

Ukimaliza, hifadhi nakala. Ukurasa wa masharti kama PDF, robots.txt kama ilivyo, tarehe kwenye jina la faili. Masharti hubadilika kimyakimya, na ukiulizwa baada ya miezi sita ulisoma nini, uwe na cha kuonyesha.

Hatua ya 6: kilichomo ndani ya kurasa

Hata kama vyote viwili vimeruhusu, kuna vitu siyo vya mwenye saiti kuruhusu. Kwenye matangazo ya viwanja mle kuna majina ya madalali, namba za simu, wakati mwingine mtu kapiga picha ya hati kabisa na jina la mmiliki linasomeka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, Kenya wana ya kwao ya 2019, na taarifa ya mtu kuwa wazi mtandaoni haimaanishi imeacha kuwa yake. Njia rahisi ni kutoichukua kabisa. Skripti yangu ya sasa inachukua bei, kata, ukubwa na tarehe, maelezo ya tangazo inayasoma na kuyatupa papo hapo, kwa sababu kila dalali anaandika namba yake tena ndani ya maelezo.

Hatua ya 7: amua, na kama jibu ni hapana omba

Baada ya yote hayo kazi yangu ilikuwa imesimama hivi: robots ndiyo kwa kasi ndogo, masharti hapana bila idhini, taarifa binafsi zinaepukika. Nikaandika imeili kwenye anwani ya mawasiliano yao. Ilikuwa fupi hivi:

"Habari za kazi. Naomba ruhusa ya kukusanya bei, kata na ukubwa wa viwanja kutoka matangazo yenu, kurasa kama 3,000, mara moja kwa mwezi, usiku, ombi moja kila sekunde 10. Sitachukua majina, namba za simu wala picha. Matumizi ni jedwali la wastani wa bei kwa kazi ya uthamini, ni kazi ya kulipwa. Nikiri pia kwamba mwezi uliopita niliendesha skripti bila kuomba mkanifungia, samahani kwa usumbufu. Kama mna faili au API ningependelea hiyo."

Siku tisa kimya. Ya kumi wakajibu kwamba wanaweza kutoa CSV kila mwezi kwa ada ndogo, safu zilezile nilizotaja, na wakaifungua ile IP ya nyumbani waliyokuwa wameifungia. Kaka yangu kalipa mwenyewe, na hiyo data ni safi kuliko yangu maana matangazo yaliyorudiwa wameshayatoa. Wangekataa ningemrudia kaka nimwambie hii saiti hapana, basi. Wasipojibu kabisa pia ni hapana, ukimya siyo idhini ya maandishi.

Mfano wa upande wa pili: Wikipedia ya Kiswahili

Ili usidhani kila mara jibu ni hapana. Tuseme unataka makala zote za Kiswahili ufanyie utafiti wa maneno. Fungua robots.txt ya Wikipedia, ni ndefu, ina maelezo ya wanadamu ndani yake: wanasema maboti ya kirafiki yanayokwenda taratibu yanakaribishwa kwenye kurasa za makala, siyo kurasa zinazotengenezwa papo kwa papo. Ndo maana kundi la nyota limefungiwa `/w/` na `/api/`, makala ziko `/wiki/`. Wget, programu ya kushusha kurasa, wameifungia kabisa, na wameandika sababu, ile tabia yake ya kufuata kila linki inawasumbua.

Hapo mtu anachanganyikiwa: API yao, ule mlango wa programu kuomba data, iko `/w/api.php`, ndani ya sehemu iliyofungwa, mbona kila mtu anaitumia? Kwa sababu ile sehemu imefungiwa maboti yanayotambaa linki kwa linki, wakati API ina kanuni zake zinazoiruhusu: maombi moja baada ya jingine siyo kumi kwa pamoja, na ujitambulishe kwa jina la boti na mawasiliano yako. Huwezi kulijua hilo kwa robots peke yake. Masharti yao nayo hayakatazi mashine zote, yanakataza matumizi ya kiotomatiki yanayosumbua huduma, yanayovunja kanuni zao au ambayo jumuiya yao haijayakubali, na maandishi yako chini ya leseni ya CC BY-SA 4.0, kibiashara ruksa ila utaje chanzo na kazi yako uitoe kwa leseni ileile.

Kisha kuna hiki, ambacho kinafuta mjadala wote:

```
https://dumps.wikimedia.org/swwiki/latest/
swwiki-latest-pages-articles.xml.bz2
```

Makala zote kwenye faili moja, wamekupakia wenyewe. Huhitaji kutambaa hata ukurasa mmoja. Kabla ya kuamua kama kuskrepu ni sawa, angalia kama mwenyewe hajakuwekea pa kushusha.

Ukipata ndiyo, siku ya kuendesha

Jina la boti liwe lilelile ulilolipima kwenye hatua ya 3, na liwe na pa kukupata:

```
User-Agent: bei-viwanja-bot/0.3 (+https://example.org/bot)
```

Kwenye huo ukurasa wa `/bot` andika mistari mitatu, wewe nani, unachukua nini, wakitaka uache wakuandikie wapi. Robots.txt uisome upya kila siku, kiwango kinasema usikae na nakala ya zamani zaidi ya saa 24. Ukipata 429, yaani umeomba kupita kiasi, angalia kichwa cha `Retry-After` usubiri muda huo, na 403 zikianza kurudi mfululizo zima kabisa, usibadilishe IP. Skripti yangu sasa ikipata 403 tatu zinazofuatana inajizima na kunitumia meseji. Mwezi uliopita ilinitumia moja saa kumi alfajiri kutoka saiti nyingine niliyoruhusiwa, kumbe walikuwa wamehamisha matangazo kwenye hosti mpya na ile mpya ina robots yake, imefunga `/tangazo/`. Nimewaandikia, bado nasubiri jibu.